Ndoo Arobaini kwa Bakuli Moja

Dobi alikuwa mtu wa ndoo. Wengine hupima maji kwa lita, wengine kwa macho, lakini yeye alipima kwa ndoo yake nyeupe ya lita ishirini, ile yenye mpini uliozungushiwa kitambaa, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Siku ya kazi chache, ndoo ishirini. Siku ya kazi nyingi, arobaini. Bomba lilikuwa moja, uani, nyuma ya duka, nalo lilitoa maji membamba kama uzi wa kushonea. Kwa hiyo maji yake hayakumwagwa hivi hivi. Yalianza na nguo nyeupe, yakaenda kwenye za rangi, yakaenda kwenye matambara, na mwisho yakasugua sakafu. Tone likidondoka bila kazi, dobi aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa jina.

Juu ya duka, ngazi kumi na moja, kulikuwa na vyumba viwili alimoishi na binti yake. Binti alikuwa kidato cha tatu, na kwa sababu hakuna kalamu iliyomaliza mwezi mikononi mwake bila kutafunwa kisigino, watu wote walimwita Kalamu. Mama yake alikuwa amefariki miezi minane iliyopita.

Mama huyo alikuwa akishona kola kwenye kiwanda cha mashati, zamu ya jioni. Aliondoka mchana na kurudi wenzake wa nyumbani wamekwisha kula. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mitatu dobi ndiye aliyepika chakula cha jioni, na kwa miaka kumi na mitatu alipakua mabakuli matatu: lake, la mtoto, na la mchelewaji. La mchelewaji alilifunika kwa sahani, akatandika juu yake kitambaa safi kilichopigwa pasi. Mkewe akirudi alikula peke yake jikoni, akaliosha bakuli kwa maji ya kikombe kimoja, akalipindua kwenye kichanja. Dobi akiamka alfajiri jambo la kwanza alilotazama ni kichanja kile. Bakuli likiwa limepinduliwa, alijua mkewe yupo, amekula, amelala. Walikuwa watu wa maneno machache. Bakuli lilitosha.

Sasa mkewe hakuwepo, lakini mkono haukuwa umeambiwa. Kila jioni mkono ulizama kwenye debe la mchele mara tatu, na kila jioni bakuli la tatu lilifunikwa. Asubuhi dobi alilikuta vile vile, kitambaa juu yake. Alilibeba chini kabla binti hajaamka.

Siku moja Kalamu alirudi kutoka shule, akatupa mkoba kwenye kikapu cha mashuka machafu na kuuliza, "Baba, ule mzani wa kupimia mafurushi, naweza kuuazima wiki nzima?"

"Unataka kumpima nani?"

"Chakula chetu. Na nguo. Mwalimu wa jiografia ametupa ripoti ya matumizi ya nyumbani. Tunatafuta unyayo wa maji."

Karibu na dirisha, mpiga pasi aliinua kichwa. Alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi na dobi tangu duka lifunguliwe, na kwa jinsi alivyoishi ndani ya moshi wa pasi yake ya mvuke, mtaa mzima ulimwita Bibi Mvuke. "Maji nayo yameota miguu?" alisema. "Ndiyo maana bombani hayakai."

"Bibi, sikiliza basi. Kila kitu kina maji yaliyofichika. Si yale yaliyomo ndani yake. Ni yale yaliyotumika mpaka kikawa kitu. Shati, mchele, chai, vyote."

Dobi alikuwa hapendi kuambiwa habari za maji na mtu aliyezaliwa juzi, hata kama alimzaa mwenyewe. Alikausha mikono, akachukua shati moja la pamba kutoka kwenye kamba na kulitundika kwenye mzani. Gramu mia mbili na hamsini. Akalitumbukiza kwenye beseni, akalikamua, akalitundika tena. Akafanya hesabu kidogo midomoni.

"Haya," alisema. "Shati hili linaficha maji chini ya nusu lita. Kaandike, na umwambie mwalimu wako kazi imekwisha."

Kalamu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, hayo ni maji ya kulowana. Mimi nasema maji ya shambani. Pamba ilinyeshewa, ikamwagiliwa, ikavunwa, ikasokotwa, ikapakwa rangi, ikaoshwa. Ukijumlisha, kwa wastani wa dunia, kilo moja ya nguo ya pamba inakula kama lita elfu kumi. Shati lako hapo ni lita elfu mbili na mia tano."

Dobi aligawanya kwa ishirini.

"Ndoo mia na ishirini na tano," alisema hatimaye. "Shati moja."

"Ni wastani tu. Pamba ya mahali pengine hunywa kidogo, ya mahali pengine hunywa zaidi. Na maji yenyewe yana rangi tatu. Ya kijani ni mvua iliyoingia udongoni mmea ukainywa. Ya bluu ni yale ya kuvutwa mtoni au kisimani. Ya kijivu ni yale ambayo yangehitajika kuzimua uchafu, kama dawa za shambani na rangi za kiwandani, mpaka mto uwe safi tena."

"Mvua ingenyesha hata pamba isingepandwa."

"Ndiyo maana zinatenganishwa, baba. Mvua haina ugomvi sana. Ya bluu ndiyo watu huyagombania, maana ukiimwagilia pamba, wa bondeni hapati. Na shati likiuzwa nchi nyingine, maji yale yote yamesafiri nalo, lakini hakuna anayeona mto umepungua kwa sababu ya kola yake."

Dobi alishusha shati kutoka kwenye mzani. Bila kufikiri aliigeuza kola, kama alivyogeuza kila kola iliyopita mikononi mwake kwa miezi hiyo minane, akatazama mshono wake kwa ndani. Kisha akalianika.

"Na mimi ninayelifua?" aliuliza.

"Wewe unalifua kwa lita tano. Hata ukilifua mara mia, ni lita mia tano. Bado hujafika hata robo ya yale lililokuja nayo."

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikigombana na bomba," dobi alisema, "kumbe mto unapita mlangoni umening'inizwa kwenye hanga."

"Andika hiyo," Bibi Mvuke alimwambia Kalamu. "Baba yako huwa anasema jambo la maana mara moja kwa mwaka. Usilipoteze."

Ikawa hivyo wiki nzima. Kila jioni, kabla moto haujawashwa, Kalamu alipima vyakula vibichi: mchele, maharage, viazi, mayai kwa idadi. Kila kitu kilikwenda kwenye jedwali. Mchele, lita elfu mbili na mia tano kwa kilo. Maharage makavu, kama lita elfu tano. Viazi, karibu lita mia tatu tu, na dobi alivitazama viazi kwa heshima mpya. Nyama ya ng'ombe, lita elfu kumi na tano na zaidi, kwa kuwa ng'ombe hula miaka kabla ya kuliwa siku moja. Kikombe cha chai, karibu lita thelathini. Bibi Mvuke aliposikia hilo alisema basi yeye ni ziwa.

Nguo nazo walizihesabu, na hapo hesabu ilikwenda vizuri, maana nguo haiandikwi yote mwaka mmoja. Maji yake hugawanywa kwa miaka itakayovaliwa. Koti la dobi lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kalamu alipopeleka mgawanyo wake shuleni, mwalimu alisema ni koti la mfano, ingawa kama angeliona asingemshauri mtu alivae.

Kwenye chakula ndipo mambo yalipokwama.

Jumatano iliyofuata, mchana, Kalamu alirudi kutoka shule. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, akafungua daftari, akalifunga, akatafuna kalamu.

"Umefeli?" Bibi Mvuke aliuliza.

"Sijafeli. Mwalimu amerudisha jedwali la chakula. Anasema takwimu haziwezi kuwa sahihi, na bila kusahihisha hawezi kupokea ripoti. Mwisho ni Ijumaa." Alimgeukia baba yake, aliyekuwa akipangusa mapovu mkononi. "Jioni ya wali na maharage tunapika mchele gramu mia sita na maharage mia na themanini. Hiyo ni lita elfu mbili na mia nne. Ndoo mia na ishirini. Gawanya kwa watu wawili, ndoo sitini kila mmoja. Mwalimu anasema mimi na wewe hatuna miili ya watu wanaokula vile. Anasema nyumba ile ina walaji watatu, na nimesahau mmoja."

Pasi ya Bibi Mvuke ilikuwa ikipanda na kushuka kwenye suruali. Ilisimama.

"Nimemwambia kuna bakuli unalobeba asubuhi," Kalamu aliendelea. "Kiporo chako cha kazini. Kwa hiyo wewe ndiye unayekula ya watu wawili. Ni kweli, si ndiyo, baba? Unakula huku?"

Dobi alikung'uta mapovu yaliyobaki mkononi. Neno moja lingetosha. Ndiyo. Ripoti ingepita, na bakuli lingebaki kwenye meza yake, na kesho mkono ungezama debeni mara tatu kama kawaida. Hakuwa na kingine. Nguo za mkewe shemeji zake walizichukua, mahali pake kiwandani palikaliwa wiki ileile, picha walizokuwa nazo zilikuwa mbili. Ile kazi ya jioni, kupakua na kufunika, ndiyo kazi pekee aliyokuwa bado anamfanyia. Aliogopa kwamba siku atakayopima vikombe viwili ndiyo siku atakayomzika kweli.

"Ninakula," alisema.

Uongo haukudumu hata dakika. Kutoka uchochoroni, kupitia mlango wa nyuma, paka wa kijivu aliingia. Alikuwa mnene kama mto wa kulalia, tumbo likisugua sakafu. Alimpita Bibi Mvuke, akampita Kalamu, akaenda moja kwa moja kukaa miguuni pa dobi, akainua uso na kungoja kwa utulivu wa mtu mwenye haki zake. Nyuma yake wakaja wengine wawili.

Kalamu aliwatazama paka. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba," alisema polepole, "paka hawa wanakula wali?"

Bibi Mvuke, ambaye hakuwahi kunyimwa neno na Mungu, alikunja suruali iliyokwisha kukunjwa.

Dobi alikaa kwenye ukingo wa beseni. "Nikikileta, siwezi kukila," alisema. "Nimejaribu. Kinakataa hapa." Aligusa koo. "Ni chakula cha mama yako. Mtu hali chakula cha mwenzie akiwa bado hajarudi."

"Kila siku?"

"Mkono wenyewe unapima. Mwanzo sikujua. Nilipojua, nikaona nikiuzuia, atakuja akute hatukumwekea."

Kalamu aliweka daftari chini. Hakulia. Alikuja akakaa karibu na baba yake kwenye ukingo wa beseni, na kwa kuwa ukingo ule ulikuwa mwembamba ilimbidi amwegemee. Wakakaa hivyo, paka wakingoja.

"Nilikuwa nakusikia unachukua bakuli alfajiri," alisema. "Nikawa nafurahi. Nikasema, angalau baba anakula vizuri."

"Nisamehe, mama."

"Sina cha kukusamehe. Mimi bado nampisha kwenye mlango wa bafu." Aliokota daftari. "Baba, niandike nini? Nikiandika watatu, hesabu inakaa sawa na mwalimu anapokea. Nikiandika wawili, kuna safu ya chakula kilichotupwa. Maji yake yanahesabiwa vilevile, maana shamba limekwisha kunywa. Nitajaza, na yeye ataona."

"Bakuli moja ni ndoo ngapi?"

Alijua jibu kabla hajaambiwa. Alikuwa mtu wa ndoo.

"Mchele ishirini na tano, maharage kumi na tano," Kalamu alisema. "Arobaini."

Siku ya kazi nyingi, arobaini. Dobi alitazama bomba lake uani, uzi ule wa maji aliougombania tangu ujana, na akaona siku nzima ya kufua, mgongo uliopinda, vidole vilivyokunjamana, yote imefunikwa na sahani na kitambaa safi. Alimkumbuka mkewe akiosha bakuli kwa kikombe kimoja. Mwanamke yule hakuacha hata punje. Alikuwa akikwangua mpaka kijiko kikalia, na dobi chumbani akitabasamu gizani, maana hivyo ndivyo walivyotakiana usiku mwema.

"Asingekubali," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Angeona paka huyu, angeniuliza, Mume wangu, huyu ni paka au ni mpangaji?"

Kalamu alicheka, na kicheko kilipotoka ndipo machozi yakafuata. Dobi akamfuta kwa taulo la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulifanya tena.

"Andika ukweli," alisema. "Andika wawili."

Ripoti ilikwenda Ijumaa. Kalamu alimsomea baba yake ukurasa ule kabla ya kuondoka, amesimama kwenye ngazi, mkoba begani. Chini ya safu ya walaji alikuwa ameandika wawili. Chini ya safu ya kilichotupwa aliandika bakuli moja kila jioni, lita mia nane jioni ya wali na maharage, na pembeni, kwa mwandiko mdogo: *Bakuli hili liliwekwa kwa ajili ya mama yangu, aliyekuwa akirudi kutoka kazini saa tatu usiku. Tulikuwa hatujajua kuacha kumngoja.*

Mwalimu alirudisha ripoti baada ya siku nne. Alikuwa amesahihisha kila mahali kwa wino mwekundu, hata nukta, na kwenye hesabu ya mayai alimkata alama. Sentensi ile ndogo hakuigusa. Alichora tiki moja nyembamba na kuandika, *Takwimu zimekubalika.*

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jioni ile ya Jumatano, jua likiwa bado kwenye kamba za nguo, dobi alipanda jikoni, akafungua debe la mchele. Kikombe cha kwanza. Kikombe cha pili. Mkono ukaenda tena, ukajaa, ukasimama hewani. Punje mbili tatu zikadondoka. Binti yake alikuwa akichagua maharage mezani, amejitia kutotazama.

Kutoka chini ilisikika pasi ikikohoa mvuke. Bibi Mvuke alikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni ya kumaliza. Kila mara alikaa mpaka taa za mtaa zikawashwa, kisha akaenda chumbani kwake, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, jiko na yeye walikwisha kutalikiana. Alikula mkate mkavu, siku nyingine hakula. Miaka yote hiyo dobi alijua, na miaka yote hiyo hakulifikiria.

"Kalamu," aliita. "Mtu asiyepika kwake, akila kwetu, jedwali linasemaje?"

Binti aliinua macho. "Akila akamaliza? Linasema walaji watatu. Na safu ya kutupwa inabaki tupu."

Dobi alimimina kikombe cha tatu.

Alishuka na bakuli limefunikwa kwa sahani, kitambaa juu yake, ngazi kumi na moja bila kumwaga. Alilitua kwenye meza ya pasi, kati ya mashuka.

Bibi Mvuke alilitazama. Alilijua bakuli lile. Alikuwa amewaona paka wakililamba asubuhi mia mbili.

"Hili lina mwenyewe," alisema.

"Ni la mchelewaji," dobi alisema. "Wewe ndiye unayechelewa."

"Paka watanishitaki."

"Wapunguze mwili."

Bibi Mvuke alizima pasi. Alikunja kile kitambaa pande nne, akakiweka kando kwa uangalifu kama nguo ya mteja mkubwa, kisha akavuta kigoda. Dobi hakungoja amwone akila. Alipanda juu, akala na binti yake, wakazungumza habari za viazi.

Alfajiri aliamka kabla ya saa yake, kama kawaida, na macho yakaenda kwenye kichanja cha jikoni. Palikuwa na mabakuli mawili, lake na la mtoto. Akahesabu tena. Kisha akakumbuka, akavaa koti lake la miaka kumi na tisa, akashuka kufungua duka.

Uani palikuwa kimya. Bomba lilikuwa limefungwa vizuri, halidondoki. Kando yake, juu ya jiwe la kufulia, palikuwa na kikombe kimoja kilichobaki na unyevu, na bakuli, safi, limepinduliwa.